Macho Chini

Mambo ambayo Mwalimu Levina hakuyavumilia yalikuwa mengi, lakini moja lilimchemsha damu kuliko yote: mtu mzima kumjibia mtoto. Unamuuliza mtoto, anajibu mama. Unamuuliza tena, anajibu shangazi. Ukiwatoa nje wote, mlinzi anachungulia dirishani na kusema, "Huyo anataka maji, Mwalimu." Miaka yote aliyofanya kazi ya kupima uelewa wa watoto wenye ulemavu, katika chumba kimoja kidogo kule Kitete, alikuwa akiwaambia watu neno lilelile, kwamba nyamazeni, na watu hawakunyamaza.

Alizaliwa Usinge, binti wa mrina asali. Alisomea ualimu, akafundisha darasa la kwanza mpaka akachoka kuona watoto wa aina fulani wakiachwa nyumbani, akaenda kusomea elimu maalumu. Aliporudi Tabora alikabidhiwa chumba hicho, meza moja na kabati lisilofunga. Tangu hapo hasira zake zikawa maarufu. Wenzake walimwita Pilipili, si mbele yake.

Siku hiyo hasira zilianza asubuhi mapema, kwa sababu ya Yahaya. Yahaya alikuwa afisa wa halmashauri aliyeshughulikia nafasi za watoto wenye mahitaji maalumu, kijana wa Kizaramo aliyeletwa Tabora na ajira na ambaye, kwa maoni ya Levina, alikuwa bado hajafika. Mwili ulikuwa Tabora, simu ilikuwa Dar.

"Dada Levina," alisema akiwa amesimama mlangoni, simu mkononi, "yule wa Puge akishindwa leo tena, nafasi nampa mwingine. Mwalimu mkuu wa shule ya bweni anataka jina leo kabla hajafunga ofisi. Na taarifa ya mara ya kwanza tunayo. Mtoto hana uelewa."

"Taarifa ile ilisema mtoto hakujibu. Mnyonge usimwongezee mzigo. Kutojibu na kutoelewa si kitu kimoja."

"Matokeo si yaleyale?"

"Kaa hapo kwenye benchi, ukae kimya, Mzaramo wewe. Leo utashuhudia."

Yahaya akacheka, akakaa. Aliweza kuambiwa hivyo na asiudhike, maana Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu enzi babu zao walipokutana kwenye njia ya misafara, wengine wakishuka pwani na pembe za ndovu mabegani, wengine wakiwasubiri huko na nazi zao. Utani huo ndio kitu pekee kilichomfanya Levina asimfukuze chumbani kwake moja kwa moja.

Mtoto wa Puge aliitwa Sayi, msichana wa miaka minane. Aliletwa mgongoni na bibi yake mzaa mama, Bibi Pelagia, mwanamke mwembamba aliyekwisha kuzeeka lakini mwenye mgongo mgumu. Walikuwa wamelala kwa ndugu mjini ili wawahi. Sayi alipozaliwa alishikwa na ugonjwa wa manjano, ukakaa naye bila kutibiwa kwa wakati, ukamwachia mwili usiomtii. Akitaka kunyoosha mkono kulia, unakwenda juu. Akitaka kusema, mdomo unapinda na sauti inatoka nzito, isiyo na maneno. Mama yake alikwenda kutafuta kazi Kahama. Aliyebaki na mtoto ni bibi.

"Shikamoo, Bibi," Levina alisema.

"Marahaba, mwanangu. Mwangaluka," Bibi aliitikia, akiongeza salamu ya asubuhi ya Kinyamwezi. Alimteremsha mtoto kwenye kiti akapangusa mate kidevuni kwake kwa ncha ya kanga. "Tumekuja tena. Wale wa mara ya kwanza walisema hana akili. Nikawaambia anaelewa kila kitu, ananijibu kwa macho. Wakaniambia kila mzazi husema hivyo."

"Kila mzazi husema hivyo kweli," Levina alisema. "Ndiyo maana tunapima."

"Basi pima, mwanangu. Pima vizuri. Mimi nina kifua kibaya. Nikifa kesho, nani huko Puge atajua huyu anasema nini? Watamweka nyuma ya nyumba na kumletea uji. Hilo tu ndilo linalonitesa."

Levina alikuwa amewahi kuwaona watoto waliowekwa nyuma ya nyumba.

Akaanza kazi. Kwanza kiti. Miguu ya Sayi ilikuwa ikining'inia, na mtoto wa namna hii akikosa pa kukanyagia mwili wote unapigana na kiti badala ya kushughulika na swali. Levina akaweka kreti ya soda chini ya nyayo zake, akamfunga kanga kifuani na kiunoni, akasukuma mto ubavuni. Mwili ukatulia kidogo. Masikio yalikuwa yameshapimwa hospitali na yalikuwa yanasikia. Macho akayapima mwenyewe. Manjano ya namna ile yanaweza kumwachia mtoto macho yasiyoweza kupanda juu, na ukipima bila kujua hilo utadhani hajui, kumbe hawezi tu kutazama huko. Alichukua mfuniko mwekundu wa ndoo, akaunyoosha mbali na uso wake mwenyewe, akaupitisha juu, chini, kushoto, kulia. Macho ya Sayi yaliufuata kote, hata juu kabisa, bila kusuasua.

"Macho mazima," alimwambia Yahaya. "Usije ukaniambia baadaye kwamba haoni."

Kisha akaleta kifaa chake. Kilikuwa bamba la plastiki angavu, kubwa kuliko sinia, lililosimama mezani kwa miguu miwili ya mbao. Kwenye kila pembe kulikuwa na mfuko wa kuwekea kadi ya picha. Mtoto anakaa upande mmoja, mpimaji upande wa pili, uso kwa uso, plastiki katikati. Mtoto hahitaji kunyoosha kidole wala kusema. Anaulizwa swali, anatazama picha aliyoichagua, kisha anamtazama mpimaji machoni, maana yake, ndiyo hiyo. Kule kutazama mara ya pili ndiko kunakotofautisha jibu na macho yanayozunguka tu.

"Sayi," Levina alisema polepole, "hapa kuna ng'ombe, jembe, kikombe na nyumba. Ukimwona ng'ombe, mtazame, halafu nitazame mimi. Ng'ombe yuko wapi?"

Sayi alitazama chini. Hakutazama picha za chini, alitazama mapaja yake.

"Huyo hapo, juu," Bibi Pelagia alisema. "Mtazame ng'ombe, mjukuu wangu."

"Bibi."

"Samahani, mwanangu."

Levina alibadilisha kadi, akauliza tena. Chini. Akauliza kwa Kinyamwezi, kwa sababu nyumbani kwao Kiswahili kilikuwa cha wageni. Chini. Akapunguza picha zikabaki mbili, akazipanga moja juu ya nyingine, ili kama shingo ilikuwa ikimvuta upande mmoja isiharibu jibu. Mtoto aliinua macho nusu, yakapita haraka kwenye picha, yakarudi mapajani kabla Levina hajaweza kusema yalitua wapi. Na kila Levina aliposogeza uso karibu na plastiki ili asome vizuri, ndivyo kidevu cha mtoto kilivyozidi kushuka.

"Anajua," alisema Bibi. "Nyumbani ukimuuliza ng'ombe wa nani ameingia shambani, anakuonyesha boma."

"Bibi, ukisema tena nitakutoa nje."

"Nimenyamaza."

Hakunyamaza. Alikuwa anagunaguna, na kila alipoguna Levina alisikia kichwa kikimgonga. Yahaya alikuwa anatazama saa yake. Huko nje treni ya kuelekea Kigoma ilipiga honi ndefu, kama inavyopiga siku zote wakati mtu anahitaji ukimya. Sayi alishtuka kwa ile honi, mikono ikaruka, kreti ikapinduka. Wakaanza tena kumfunga.

"Mpe mapumziko," Yahaya alisema kwa upole. Alikuwa amekwishamhurumia mtoto, lakini huruma yake ilikuwa ya mtu aliyekata shauri. "Dada, umejaribu. Mimi ninaandika jina la mwingine, hakuna atakayekulaumu."

Hapo ndipo Levina alipochoka kweli. Si na mtoto. Alichoka na chumba, na kabati, na treni, na vile watu wanavyosema "umejaribu" wakiwa wanakuambia uache. Alichoka pia na nafsi yake, kwa kuwa ndani kabisa alikuwa ameanza kuwaza kwamba labda wale wa kwanza hawakukosea. Akatoka nyuma ya bamba, akaenda kabatini, akawapa wote mgongo na kuanza kuzipanga kadi ambazo hazikuwa na haja ya kupangwa.

Nyuma yake akamsikia Bibi Pelagia akihamishia hasira zake kwa Yahaya, maana ilibidi zimwendee mtu.

"Wewe kijana. Wewe ni kabila gani?"

"Mzaramo, Bibi."

"Nilijua. Mzaramo ndiye mtu pekee anayeweza kukaa tangu asubuhi akitazama saa na asifanye lolote. Babu zetu wakifika kwenu na mizigo, wanawakuta mmekaa hivyohivyo, mnasubiri nazi ianguke yenyewe."

"Bibi, babu zenu walibeba mizigo hadi vichwa vikawa bapa. Ndiyo maana mpaka leo mnaweka ndoo kichwani bila ngata."

Sauti ikatoka kwa Sayi. Levina aliitambua sauti ile, aliwahi kuisikia kwa watoto wengi wenye mwili wa namna hiyo. Kilikuwa kicheko. Kilikuja baada ya "bapa", mahali penyewe kabisa pa kuchekea.

Aligeuka polepole.

Sayi alikuwa anamtazama Yahaya. Alikuwa anamtazama usoni, kwa macho yote mawili, akitetemeka kwa kicheko, mkono mmoja ukipunga hewani bila kutumwa. Levina akapiga hatua moja kuelekea mezani. Mtoto alimwona, na macho yakashuka mapajani papo hapo.

Levina alirudi nyuma, kabatini. Macho yakapanda tena kwa Yahaya.

"Bibi Pelagia," Levina alisema kwa sauti ya chini sana, na wote waliomjua wangemwambia Bibi aogope, "huyu mtoto ulimfundisha nini kuhusu wageni?"

"Nilimfundisha adabu."

"Adabu gani?"

Bibi alinyoosha mgongo. "Kwani mimi nimlee bila adabu kwa kuwa hatembei? Alipokuwa mdogo alikuwa anawakodolea watu macho. Wageni wakija wanasema, mbona mtoto wako anatutumbulia macho hivi, anatutisha. Wengine wakanyanyuka kabla ya chakula. Nikaona wataanza kusema mabaya. Nikamfundisha: mtu mzima akikusemesha, macho chini. Nilimfundisha mwaka mzima, akashika. Siku hizi akija padri, akija mwenyekiti, macho chini. Watu wananisifu. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo."

"Na wewe mbona anakutazama?"

"Mimi ni bibi yake. Ni mtani wake. Anitazame, anicheke, anitemee uji, ni haki yake." Akamwonyesha Yahaya kwa kidevu. "Na huyu naye ni mtani. Nilimwambia jana, ukimwona Mzaramo huko mjini, mcheke."

Levina aliketi kwenye ukingo wa meza. Alitamani kucheka na kupiga kitu teke kwa wakati mmoja. Watu wazima, yeye na wale wa mara ya kwanza, walikuwa wamemwekea mtoto uso mgeni mbele yake, wakamwambia jibu kwa kunikazia macho, kisha wakahesabu adabu yake kuwa ujinga. Na bibi huyu alikuwa amekaa pale mara zote mbili akiona mjukuu wake anainamisha macho, akafurahi kwamba hajamwaibisha.

"Bibi, kwa nini hukutuambia?"

"Hamkuuliza habari za adabu. Mliuliza habari za akili."

"Na wewe," Levina alisema, akimgeukia Yahaya kwa sababu hasira bado zilikuwa nyingi, "unacheka nini? Weka simu mbali. Leo utafanya kazi."

Kwanza walijaribu njia ya mkato. Bibi alimwambia Sayi kwa Kinyamwezi amtazame mwalimu, ameruhusiwa. Sayi alijitahidi, maskini. Lakini mtoto wa namna ile akijikaza, mwili nao unajikaza. Shingo ikarudi nyuma, mikono ikafunguka, mdomo ukapinda, na kreti ikapinduka tena. Levina akamzuia Bibi asirudie. Amri ya dakika moja haiwezi kushindana na mafunzo ya mwaka mzima.

Kwa hiyo Yahaya akakalishwa nyuma ya bamba, kwenye kiti cha mpimaji.

"Mimi sijui kupima," alisema.

"Ndiyo maana unafaa. Sikiliza. Kadi zina mgongo mweupe, kwa upande wako huoni picha. Kila pembe nimebandika karatasi ya rangi upande wako: nyekundu, njano, bluu, kijani. Ninapopanga kadi unageukia ukutani. Nikishauliza, tazama macho yake tu. Akitazama pembe kisha akakutazama wewe, andika rangi. Asipokutazama, andika sifuri. Usiseme kitu, usitikise kichwa, usitabasamu anapojibu. Utani ni wakati wa kubadilisha kadi tu."

"Kwa hiyo sitajua kama amepata?"

"Hutajua. Na ukitaka kumsaidia hutaweza, maana hujui jibu liko wapi. Mpimaji asiyejua jibu hawezi kulivujisha."

Yeye mwenyewe alisimama nyuma ya kiti cha Sayi, mahali ambapo mtoto hawezi kumwona. Bibi Pelagia alipelekwa pembeni, akaambiwa ajifunike kanga usoni na asigune. "Hata kukohoa?" aliuliza. Levina akamwambia kukohoa ruksa, mradi kusiwe na maana.

Wakaanza na za mazoezi. Ng'ombe yuko wapi. Yahaya aliinama, akaandika. Jembe liko wapi. Akaandika. Wakati wa kubadilisha kadi, Yahaya, akiwa ameukabili ukuta, alisema kwamba kwao Mzaramo akizaliwa anapewa nazi, Mnyamwezi akizaliwa anapewa mzigo, na Sayi akacheka mpaka Levina ikabidi asubiri mwili utulie ndipo aulize tena. Iliudhi. Kila kitu siku ile kiliudhi, hata kilichokuwa kinakwenda vizuri.

Baada ya picha za vitu zikaja za vitendo. Yupi anapepeta. Yupi amechelewa. Kisha kadi nne ambazo tatu zinafanana kwa jambo na moja haifanani: kuku, bata, njiwa, mbuzi; tazama ile isiyo ya kundi lake. Kisha zile ambazo Levina alizipenda kuliko zote, kwa kuwa haziulizi umesoma wapi wala unasema lugha gani: mchoro wa mistari na maumbo uliokatwa kipande, umewekwa katikati juu, na vipande vinne kwenye pembe, kimoja tu kikiwa ndicho kinachoziba pengo. Majibu yalihamishwa pembe kila mara, bila mpango wa kukisika. Katikati wakapumzika, Sayi akapewa uji, akalazwa kwenye mkeka, shingo ikapumzishwa. Yahaya aliuliza kama wanaweza kuharakisha kidogo, na alitazamwa kwa namna ambayo hakuuliza tena.

Ilipofika michoro ya mwisho, ile migumu, Sayi alianza kukawia. Macho yalikwenda pembe hii, yakaenda ile, yakarudi juu kwenye mchoro wenyewe, yakakaa. Yahaya alikuwa ameshika kalamu hewani. Levina aliona jasho kwenye shingo ya mtoto. Hakuweza kuona macho yake kutoka pale alipokuwa amesimama, na hilo lilimtesa, maana alizoea kuona yeye. Mwishowe Yahaya akaandika. Swali lililofuata, akaandika sifuri. Lililofuata, sifuri tena.

"Basi," Levina alisema. "Amechoka. Au yamemzidi. Tunaishia hapo."

Akaichukua karatasi ya Yahaya, akaiweka kando ya yake iliyoonyesha jibu la kila swali lilikuwa kwenye rangi gani, akaanza kulinganisha kwa kalamu nyekundu. Mtoto asiyeelewa kitu, akitazamatazama tu, atapata moja katika kila nne hivi, kwa bahati. Mtu anayetaka jambo fulani liwe kweli huweza kudanganywa na bahati, na Levina siku ile alilitaka mno. Kwa hiyo alihesabu mara mbili, na mara ya pili alianzia mwisho.

Picha za vitu, alikosa moja. Alikosa friji, na huko kwao hakuna friji. Vitendo, zote. Zisizo za kundi, karibu zote. Michoro, alikwenda akipata na kupata hadi zile ngumu, akakosa mbili, akapata moja ambayo watoto wengi wanaotembea na kusema huikosa, halafu akaishiwa nguvu.

Levina alivua miwani.

"Vipi?" aliuliza Yahaya. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Dada, vipi?"

"Anafikiri kama mtoto yeyote wa umri wake. Pengine zaidi, sijui, amechoka kabla sijafika mwisho wake. Namba ya kiwango cha akili siandiki, maana nimepima kwa njia ambayo namba zile hazikutengenezewa, na mtu akikupa namba hapa anakudanganya. Nitaandika alichofanya na jinsi alivyokifanya. Mpigie mwalimu mkuu."

Yahaya alikuwa amekwishatoka nje na simu. Wakamsikia uani akisema kwa sauti kubwa, "Hapana, Mwalimu, jina ni lilelile. Sayi. Ndiyo, huyohuyo wa Puge. Nimempima mimi mwenyewe." Levina alisikia hilo la mwisho na akaamua kulimeza. Alilimeza kwa shida.

Bibi Pelagia alikuwa bado amejifunika kanga. Alipoambiwa afunue, uso wake ulikuwa umelowa.

"Nilijua," alisema. "Nilijua tangu mwanzo. Ndiyo maana nilimfundisha. Mtoto asiye na akili unamfundishaje adabu?"

"Bibi, kaa. Kuna jambo gumu." Levina aliketi chini, kwenye mkeka, ili asimsemeshe mzee akiwa juu yake. "Huko bweni atakuwa na walimu. Wote watu wazima, hawatakuwa Wazaramo. Watamtengenezea ubao wa picha na herufi, atajibu kwa macho, atasoma kwa macho. Akiinamisha macho kwao, siku ya kwanza tu watasema kama walivyosema wale. Wewe ndiye uliyemfundisha. Nimeona leo mimi siwezi kumwachisha. Mwambie aache."

"Niliyomfundisha mimi?"

"Ndiyo, Bibi."

"Ni kitu kimoja tu nilichoweza kumfundisha duniani," Bibi Pelagia alisema. "Kupika hawezi. Kulima hawezi. Kusuka hawezi. Nilimfundisha hicho, akakishika, nikawaonyesha watu. Sasa unaniambia kilikuwa kinamfunga."

Kwa mara ya kwanza siku ile Levina hakuwa amekasirikia mtu, na hali hiyo aliiona mbaya zaidi.

Bibi alipiga magoti mbele ya kiti. Hakuamuru kama asubuhi. Alishika miguu yote miwili ya mjukuu wake, akamsemesha kwa Kinyamwezi, taratibu, kama anavyosemeshwa mtu mzima. Alimwambia kwamba hakukosea, alikuwa mtoto mwenye adabu kuliko wote Puge. Alimwambia kwamba bibi ndiye aliyemfundisha kwa kuwaogopa watu. Kwamba kuanzia leo, anayemwambia neno, amtazame. Awe mwalimu, awe padri, awe mwenyekiti. Wakisema anatumbua macho, waseme. "Na mimi nikiwa sipo," alimalizia, "uwatazame zaidi."

Sayi alimsikiliza akimtazama. Kisha, bila kuharakishwa na mtu, kichwa kikiyumba, akakigeuza upande wa mkeka na kumtazama Mwalimu Levina. Hakukaza mwili. Alimtazama usoni, kisha machoni, akatulia hapo kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma.

Levina alikuwa amewaambia mamia ya watoto, nitazame. Alimtazama Sayi kadiri alivyoweza. Kisha mwalimu ndiye aliyeinamisha macho.